Hotuba fupi ya kuhamia nyumba mpya: tulivyomshukuru fundi aliyeacha kazi katikati

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu wiki tatu kabla ya siku ya kuhamia, akaniambia mdogo wangu, ya kujenga nimemaliza ila hii ya kuongea imenishinda, njoo unisaidie. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Ilituchukua wiki mbili na nusu, na muda mwingi hata hatukuwa tunaandika, tulikuwa tunapiga simu kwa watu na kumaliza madeni. Nakiweka kisa chote hapa kama kilivyokuwa, maana naona watu wengi wanatafuta mfano wa hotuba ya hivi wanapata maneno matamu ambayo ungeweza kuyasoma kwenye nyumba yoyote ile, wageni wanapiga makofi ya heshima, na ukiangalia vizuri hakuna aliyeshukuriwa.

Nyumba ilijengwa kwa miaka 4. Mafundi wakuu walikuwa wawili, na hapo ndo penye shughuli. Wa kwanza alichimba msingi, akasuka nondo, akamwaga jamvi la sakafu, akapandisha ukuta kozi 9 za tofali, kisha wakakosana na kaka, fundi akaondoka. Kazi ikalala zaidi ya mwaka. Fundi wa pili akaja akaendelea kutoka pale, akafunga lenta, akapaua na timu yake, akamaliza ripu. Kwahiyo siku ya kuhamia tunamshukuru nani? Aliyemaliza yupo na kila mtu anamjua. Aliyeanza hayupo, na nyumba nzima imekaa juu ya kazi yake.

Kabla sijaenda mbali niseme kuhusu hotuba ya kwanza, ile ya siku ya kuweka msingi, miaka 4 nyuma. Kaka alisimama pembeni ya mitaro iliyochimbwa akaongea bila karatasi, na akasema mambo mawili yaliyokuja kumtesa. La kwanza, aliwaambia majirani mwakani siku kama ya leo tutakuwa ndani. La pili, alimshika fundi bega akasema huyu ndo fundi bora kuliko wote, kazi yake mtaiona. Siku ile kila mtu alifurahi. Lakini ukikaa ukafikiria, hakuna kati ya hayo mawili lililokuwa limeshatokea. Ile ahadi ya mwaka mmoja majirani waliikumbuka kila lori la mchanga lilipopita, na ile sifa ya fundi bora ilifanya ugomvi wao uwe mkubwa kuliko ulivyostahili, maana fundi alijiona kadhalilishwa mbele ya watu walewale waliosikia akisifiwa.

Siku ya msingi unashukuru kwa kilichofanyika mpaka asubuhi ile, basi. Waliopima na kuvuta kamba, waliochimba, majirani waliokuja kusimama wakati mipaka inaonyeshwa ili kesho kusiwe na maneno. Fundi unamshukuru kwa mtaro aliouchimba mpaka akafika kwenye udongo mgumu, humshukuru kwa nyumba ambayo haipo. Kwa majirani badala ya kutaja tarehe ya kuhamia unasema kitu wanachoweza kukitumia, mfano: "Kuanzia wiki ijayo lori zitapita hapa, kutakuwa na vumbi na kelele, naomba radhi mapema, na mtu wa kupigia simu njia ikizibwa ni mimi, namba yangu mnayo." Sentensi kama hiyo haiwezi kukugeuka hata ujenzi uchukue miaka 10.

Sasa turudi kwenye ya kuhamia. Kaka alikuwa ameshaandika rasimu yake kwenye simu. Nikamwambia isome kwa sauti, umesimama, kama vile watu wapo, nikaweka saa. Dakika 9. Dakika 3 za mwanzo zilikuwa historia ya kiwanja, alivyokipata, alivyozungushwa, alivyokaribia kukata tamaa. Kisha majina 31 mfululizo. Na katikati ya majina yale sentensi "bila wewe nisingefika hapa" imejirudia mara tano, kwa watu watano tofauti. Nikamuuliza, kweli wote watano? Akanyamaza. Sio kwamba anadanganya, ni kwamba hajakumbuka kila mmoja alifanya nini hasa, kwahiyo anawapa wote neno moja kubwa, na likigawiwa kwa watu watano linabaki dogo.

Mafundi walikuwa na mstari mmoja tu: "niwashukuru mafundi wote kwa kazi nzuri." Mtu amekupandishia ukuta kwa miezi, umempa maneno ambayo hata mpita njia angeweza kumwambia.

Tukatupa ile rasimu tukachukua daftari. Kwa kila mtu au kundi nikamuuliza swali moja: kitu gani alifanya ambacho ungekiona kwa macho kama ungekuwa umesimama pale? Sio tabia yake wala moyo wake, tendo. Mwanzoni alikuwa anajibu kwa sifa, ooh fundi ni mwaminifu, mama ana upendo. Nikawa narudia swali. Ikaanza kutoka. Mama alikuwa anahesabu mifuko ya saruji asubuhi na jioni anaandika kwenye daftari dogo. Mjomba, ule mwaka kazi imelala na nyasi zimeota ndani ya vyumba, alikuja siku moja bila kuambiwa akazifyeka akaondoka. Fundi wa pili alibomoa kozi mbili alizojenga mwenyewe kwa sababu alipoweka timazi aliona ukuta umelala kidogo, na hakuna mtu wa familia ambaye angeona.

Hilo la kubomoa kaka alikuwa hata hajalipanga kulisema, alilikumbuka kama malalamiko, kwamba siku ile tofali zilipotea. Mimi nikaona hapo ndo shukrani ya fundi ilipo. Fundi anayebomoa kazi yake mwenyewe anapoteza siku na anajua mwenye nyumba atanuna. Ukimshukuru kwa hilo mbele ya watu, mafundi wenzake wote waliosimama pale wanajua unaongea kitu cha kweli, kwa sababu wao ndo wanajua timazi inasema nini.

Na jirani wa kushoto. Hapa lazima nieleze kidogo kwa asiyejua ujenzi, maana bila kujua hili huwezi kuona ukubwa wa alichofanya. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Linakuwa gumu kwa sababu saruji inashikana na maji, kwahiyo maji yakiondoka mapema kwa jua na upepo, linabaki dhaifu na linapasuka juu. Ndo maana baada ya kumwaga jamvi unalimwagilia kila siku, angalau siku 7 hivi. Siku ya pili baada ya kumwaga, tanki la saiti likakauka. Huyu mzee akavuta mpira wa maji kutoka kwake akaupitisha juu ya ukuta, akawa anamwagilia yeye mwenyewe asubuhi kabla hajaenda kwenye mambo yake. Kwenye rasimu ya kwanza alikuwa ndani ya "majirani wote kwa ushirikiano wenu".

Nikarudi kwa kaka na swali la pili ambalo hakulipenda: kati ya hawa unaotaka kuwashukuru, kuna ambaye bado anakudai? Kukawa na kimya. Fundi wa pili alikuwa anadai salio la ripu ya nje. Sio kubwa, walikuwa wamekubaliana litalipwa "mambo yakikaa sawa". Nikamwambia kaka, huwezi kumuita mtu mbele ya watu, ukamwambia asante, wakati mfukoni mwako kuna hela yake. Ye atacheka na atashika mkono, lakini kila neno zuri utakalosema litamgeukia kuwa kejeli, na saidia fundi wake waliosimama nyuma wanajua hajalipwa maana na wao hawajalipwa. Akasema nitamlipa wiki inayofuata. Nikasema basi hotuba nayo iwe wiki inayofuata. Alimlipa siku mbili kabla, yote. Ukiniuliza katika kazi yote ile ni sehemu gani ilifanya hotuba ikubalike, nitakwambia ni hii, na haimo kwenye maandishi.

Kuna dalili za kugundua kama mambo haya hayajakaa sawa hata kama mwenye nyumba anasema yamekaa. Mpigie fundi simu ya kumkaribisha. Akikuuliza saa ngapi na aje na nani, mko salama. Akisema "tutaona, nina kazi sehemu" na wakati unajua hana, kuna kitu.

Sasa fundi wa kwanza.

Kaka msimamo wake ulikuwa asitajwe, akanipa na methali juu, asiyekuwepo na lake halipo. Nikamwambia lakini lake lipo, umelikanyaga. Tukakaa kimya muda. Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi: kwa upande wa kaka, fundi alichukua malipo ya mwanzo kwa kazi ya ukuta kisha akawa haonekani, wiki tatu yuko saiti nyingine. Kwa upande wa fundi, aliambiwa nondo na saruji zinakuja Jumatatu, akaweka watu, Jumatatu ikapita na iliyofuata ikapita, watu wake wakawa wanamdai siku walizokaa bure, akaenda kutafuta kazi ya kuwalipa. Nimewasikiliza wote wawili na nadhani wote wawili wanasema kweli.

Tulijaribu kuandika sentensi yake mara tatu. Ya kwanza ilikuwa: "Licha ya changamoto zilizojitokeza, tunamshukuru pia fundi aliyeanza nasi." Hii ni mbaya kuliko kunyamaza. Neno licha linafungua kesi upya, kila mgeni anageuka kumuuliza jirani yake changamoto gani hizo, na lile neno "pia" linamuweka mwishoni kama nyongeza. Ya pili ilikuwa ya kukwepa: "Tunawashukuru mafundi wote waliopita kwenye nyumba hii kwa nyakati tofauti." Haina kosa, ila akiwepo na akaisikia atajua ametajwa kwa namna ambayo hatakiwi kujulikana. Ya tatu iliachana na ugomvi kabisa, ikashika kazi yake: msingi na jamvi, miaka 4, mvua zimepita, hakuna ufa.

Kabla ya kuiandika hiyo ya tatu tulienda kuangalia. Nasisitiza hapa. Tuliizunguka nyumba, tukaangalia kuta za chini kwenye kona na chini ya madirisha ambako msingi ukishuka ndo ufa huanza kuonekana ukipanda kwa mshazari, tukaangalia sakafu. Fundi wa pili tukamuuliza na yeye, msingi unauonaje? Akasema yule jamaa alisuka nondo vizuri, mimi nilijenga juu yake bila wasiwasi. Tukaiweka. Ungekuta kuna ufa, hiyo sentensi usingeisema, ungetafuta kitu kingine cha kweli au ungemshukuru kwa siku zake za kazi tu.

Kumpigia simu alipiga wifi yangu, sio kaka, maana kaka angeanza kujieleza. Alimwambia tu kwamba Jumamosi tunahamia, tungependa uwepo, na mume wangu angependa kutaja kazi yako ya msingi, utaruhusu? Maana kumuita mtu mliyekosana naye halafu umtaje bila kumwambia ni kumvizia, hata kama unamtaja kwa wema. Akakaa kimya akasema, "Shemeji, kama mtanitaja nitajeni kwa msingi, mengine yaacheni." Ndo maneno tuliyoyafuata.

Hotuba tuliyofikia ni hii. Majina nimeyatoa. Kwa spidi ya kaka, tulivyopima mara tatu, ilikuwa inakaa kama dakika 3 na nusu bila makofi.

"Wazee wangu, Mama, ndugu zetu, mafundi na majirani, karibuni sana. Mimi na mke wangu tuna shukrani tatu, na hatutawachosha.

Ya kwanza ni ya mafundi. Naomba msogee hapa mbele tuwaone. Sakafu hii tuliyosimama ilimwagwa siku moja, kuanzia asubuhi mpaka usiku, na waliobeba zege hawakuweka ndoo chini mpaka mwisho. Saidia fundi mlioshika ndoo siku ile, asanteni. Msingi na jamvi hili vilisimamiwa na fundi wetu huyu hapa. Miaka 4 imepita, mvua zimepita, na hakuna ufa. Fundi, asante kwa msingi. Kutoka lenta kwenda juu ni kazi ya fundi wetu huyu. Siku moja alibomoa kozi mbili za ukuta alizozijenga mwenyewe, kwa sababu timazi ilimwambia hazijanyooka. Sisi tusingejua kamwe. Fundi, asante kwa kubomoa. Waliopaua, waliopiga ripu na rangi, fundi wa bomba, kazi zenu tunazitumia kuanzia leo.

Ya pili ni ya familia. Mama, ulihesabu mifuko ya saruji asubuhi na jioni, na daftari lako bado ninalo. Mjomba, mwaka ambao kazi ililala hukuniuliza nyumba imefikia wapi, ulikuja ukafyeka nyasi vyumbani ukaondoka. Siku ile nilipata nguvu ya kuendelea. Mke wangu, simu nilizoogopa kupiga ulizipiga wewe. Ndugu wote mliotushika mkono, kila mmoja anajua alichofanya, na sisi tunajua.

Ya tatu ni ya majirani. Siku ya msingi niliwaambia tutahamia baada ya mwaka mmoja. Imekuwa minne. Miaka yote hiyo mmevuta vumbi letu na mmesikia nyundo zetu. Mzee wetu wa kushoto, tanki lilipokauka ulipitisha mpira wa maji juu ya ukuta, na sakafu hii imekunywa maji yako. Mama wa nyumba ya nyuma, mchanga wetu uliziba njia yako, ukazunguka bila kutuletea neno. Tunaomba radhi kwa kero, na tunawashukuru kwa uvumilivu. Vumbi limeisha. Mlango ni huu, karibuni wakati wowote. Asanteni."

Naomba niseme kwa nini imekaa hivi. Mafundi wako mwanzo kwa sababu ya kawaida kabisa, wao ndo huwa wanasimama nje karibu na geti, na ukiwaweka mwisho baadhi wanakuwa wameshaondoka au watu wameshachoka kusikiliza. Na kwenye kundi lao saidia fundi wanatajwa kabla ya mafundi wakuu. Kaka aliogopa hilo, akasema fundi atajisikia vibaya, lakini ilikuwa kinyume, kila fundi anajua siku ya jamvi mambo yakoje. Zege halilali. Ukianza umeanza, maana ukiacha nusu likaanza kuwa gumu kisha ukaja kumwaga lingine kesho yake, pale kwenye muungano panabaki mstari dhaifu. Kwahiyo siku ile ilibebwa na mikono ya watu ambao majina yao mwenye nyumba mara nyingi hayajui, na namna ya kuwashukuru bila kuyajua majina ni kuitaja siku.

Ile ahadi ya mwaka mmoja, kaka alitaka kuieleza, kwamba bei za vifaa, kwamba kazi ililala. Nikamwambia ukiitaja tu na ukasema imekuwa minne, inatosha, watu wazima wataelewa. Ukianza kueleza, shukrani ya majirani inageuka utetezi wako. Na kwa majirani radhi na shukrani ni lazima viende pamoja, kuwashukuru peke yake kwa "ushirikiano" wakati umewaziba njia wiki kadhaa kunaonekana kama hukuona ulichowafanyia.

Michango ya hela ya ndugu haikutajwa kabisa, sio kiasi wala nani alitoa. Mmoja alikuwa ametoa nyingi, mwingine alitoa kidogo lakini ndo alichokuwa nacho. Ukitaja mmoja umempima mwingine mbele za watu. Hao wawili kaka aliwapigia simu mmoja mmoja usiku wa kuamkia ile siku.

Kuhusu siku yenyewe. Kaka aliandika kwa mkono kwenye kadi tatu, kila shukrani kadi yake, sio kwenye simu, maana simu ikizima mwanga katikati unaanza kuigusagusa na watu wanadhani unasoma mesej. Maiki ilikuwepo lakini ilikuwa inapiga filimbi kila akisogelea spika, akaiacha akaongea kwa sauti yake, na hapo sentensi fupi zilimsaidia sana. Alipowaita mafundi mbele walisitasita, ikabidi asubiri. Nilikuwa nimemwambia usianze mpaka wa mwisho afike, hata ukimya ukikutisha. Alisubiri. Fundi wa kwanza alisimama pembeni kabisa, na wa pili ndo alimvuta mkono akamuweka katikati, hilo hatukulipanga na wala nisingeweza kulipanga.

Aliposema hakuna ufa, yule fundi aliangalia chini kwenye sakafu. Aliposema asante kwa kubomoa, mafundi wote wakacheka kwa nguvu na mmoja akapiga mluzi, wageni wengine hawakuelewa kwa nini, wakapiga makofi tu.

Kosa likatokea hapohapo, na ni kosa la maandishi yangu, sio la kaka. Uangalie ule mstari wa mwisho wa mafundi: waliopaua, ripu na rangi, bomba. Fundi umeme hayumo. Tulisoma ile hotuba labda mara 15 na hakuna aliyeona. Mimi niliona kwenye uso wake, alikuwa amesimama na wenzake mbele, wenzake wakitajwa anatabasamu anasubiri, mstari ukaisha, tabasamu likabaki limeganda. Ukianza kutaja kazi moja moja umeshafungua listi, na ukifungua listi lazima iwe kamili, la sivyo aliyebaki anabaki peke yake mbele ya watu wote. Bora ningeandika "na mafundi wote mliomalizia" nikaishia hapo, au ningepita chumba kwa chumba siku moja kabla nikigusa kila kitu na kuuliza hiki kilifungwa na nani, bati, dirisha, bomba, swichi. Swichi ningeigusa kila mlango.

Wifi naye aliona. Kaka alipomaliza majirani na kabla hajakaa, akamnong'oneza. Akageuka akasema, "Samahanini, nimemsahau mtu ambaye bila yeye leo usiku tungekaa gizani. Fundi umeme, nisamehe, asante sana." Watu wakacheka kwa furaha, yule kijana akainua mkono. Imepona, lakini nakwambia ilipona kwa sababu ilisemwa palepale, dakika mbili baadaye, mbele ya watu walewale. Kumfuata pembeni baadaye kusingetosha, kusahauliwa kulikuwa hadharani.

Yote ilichukua kama dakika 5 na makofi na kile kusubiri mafundi wasogee. Baadaye watu walipokuwa wanazunguka kuangalia vyumba, nilimkuta fundi wa kwanza kwenye chumba cha nyuma na kaka, wamechuchumaa wote wawili kwenye kona. Fundi alikuwa anamuonyesha kwa kidole mahali ambapo siku ya kumwaga jamvi taa ilizima, wakamaliza kusawazisha kwa mwanga wa simu ya jirani.